Kikao kimeenda vizuri, kisha mteja kanyamaza: Barua pepe ya siku ya pili inavyoandikwa

Jumanne, Aprili 14. Ofisa mauzo wa kampuni inayofunga mitambo ya sola ya kuchemsha maji anatoka kwenye kikao na meneja wa loji moja mjini Moshi. Wamekaa dakika 50. Chai imenyweka, meneja kamtembeza mpaka kwenye vyumba, na mwisho kamwambia maneno ambayo kila muuzaji anayajua: “Sawa, nitumie kwa barua pepe nimwoneshe bosi.”

Jioni hiyo hiyo ofisa anaandika: “Asante sana kwa kikao kizuri. Nimeambatanisha profaili ya kampuni na katalogi yetu. Tunasubiri mrejesho wako.” Anatuma, anafunga kompyuta, anaanza kusubiri.

Wiki inapita. Akipiga simu anajibiwa, “Bosi bado hajasema kitu.” Wiki ya pili simu haipokelewi. Mwezi unaisha, na ofisa anajiambia mteja hakuwa na nia.

Loji hii ni mfano, lakini wauzaji wengi wameshaipitia hali hii. Na mara nyingi mteja nia anayo. Tatizo huwa ni ile barua pepe.

Msomaji ambaye hakuwepo

Katika mfano huu, anayelipa ni mmiliki wa loji, naye anaishi Dar es Salaam. Hakuwepo kwenye kikao, hakuyaona mabafu, wala hakumsikia meneja akilalamika. Anachopata ni ujumbe aliofowadiwa, na anaufungulia kwenye simu akiwa kwenye foleni ya magari au katikati ya kikao kingine.

Anakuta shukrani na faili la kurasa 40. Maswali yake ni matatu tu: tuna tatizo gani, suluhisho ni lipi na kwa shilingi ngapi, na mimi natakiwa kufanya nini, lini? Barua ile haijajibu hata moja. Anamwandikia meneja, “Hii ni nini?” Meneja, ambaye asubuhi hiyo ana wageni 18 wa kuwatoa na 22 wa kuwapokea, anajiambia atamweleza wakionana. Hapo ndipo biashara inapolala.

Kwa hiyo barua pepe ya baada ya kikao inaandikwa kwa jina la meneja, lakini inaandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Meneja ndiye atakayeibeba, na anatakiwa aweze kuifowadi bila kuongeza neno. Ikimlazimu aketi na kuitungia maelezo, haitafika.

Barua ya namna hiyo ina sehemu tatu: mahitaji yaliyosikika, machaguo yaliyopendekezwa, na hatua inayofuata ikiwa na tarehe.

Mahitaji: kilichosemwa, kilichoonekana, kilichodhaniwa

Kazi huanza kabla ya kufungua kompyuta. Ofisa mzoefu akishatoka kikaoni hukaa dakika 10 ndani ya gari, au chini ya mti kama amekuja na bodaboda, na kuyagawa maandishi yake katika mafungu matatu: alichosema mteja, alichokiona yeye mwenyewe kwa macho, na anachodhani.

Mgawanyo huu una faida yake. Alichosema mteja kitaandikwa karibu na maneno yake mwenyewe. Kilichoonekana kitaandikwa kama kilivyoonekana. Kilichodhaniwa kitageuzwa kuwa swali. Mafungu haya yakichanganyika, mteja husoma dhana za muuzaji zikiwa zimevishwa sauti yake, na hapo imani hupungua.

Kwenye kikao cha Moshi meneja alianza kwa kusema, “Tunataka sola.” Hilo bado si hitaji, ni jina la bidhaa. Hitaji lilitokea dakika 20 baadaye, ofisa alipouliza ni saa ngapi hasa maji ya moto yanasumbua. Meneja akaeleza kwamba wageni wanaoshuka Kilimanjaro hufika kati ya saa 10 na saa 12 jioni, wamechoka, wana vumbi, na wote wanataka kuoga kwa wakati mmoja. Kila bafu lina hita yake ya umeme. Wakifungulia pamoja, swichi kuu inakata, loji nzima inakuwa giza, na mgeni mwenye sabuni usoni anaanza kupiga kelele.

Ofisa alipopita vyumbani aliona lebo kwenye hita: kilowati 4.5 kila moja. Hita nane zikiwaka kwa pamoja ni kilowati 36, achilia mbali jiko na mafriji. Sasa mtu aliyeko Dar es Salaam anaweza kuelewa kwa nini swichi inakata, hata kama si fundi.

Mahitaji mengine yalikuwa mawili. Kazi iishe kabla ya msimu wa kiangazi, kwa sababu kuanzia Juni wapanda mlima huongezeka na hakuna chumba cha kufungia mafundi. Na matangi yasikae upande wa mbele wa paa, kwa kuwa mmiliki hapendi yaharibu sura ya jengo.

Mahitaji matatu yanatosha. Orodha ikifika nane, msomaji wa simu hatajua lipi linauma zaidi.

Jambo moja meneja hakulitaja: bajeti. Ofisa asibuni kiasi, wala asiandike “kulingana na bajeti yenu” kana kwamba aliambiwa. Aliache liwe wazi, machaguo yatasaidia kulifungua.

Machaguo: mawili, na kasoro zake

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kuweka chaguo moja, ambalo humwachia mteja jibu la ndiyo au hapana tu, na hapana ndiyo rahisi. La pili ni kuweka machaguo sita kutoka kwenye katalogi, mteja akabaki na kazi ya kuchambua ambayo ilikuwa ya muuzaji.

Mawili yanatosha, matatu yakizidi sana. Kila moja lifungwe kwenye hitaji lililosikika, liwe na bei ya makadirio, na liseme wazi lisichoweza kufanya.

Kwa loji ya vyumba 20 hesabu ni rahisi. Chumba kina wageni wawili. Ofisa anakadiria kila mgeni atatumia lita 40 za maji ya moto jioni. Vyumba 10 vinahitaji lita 800, vyumba 20 vinahitaji lita 1,600. Mitambo yake ina matangi ya lita 300. Kwa hiyo matangi matatu yanatosha vyumba 10, na matangi sita yanatosha vyumba vyote, huku yakibaki maji kidogo ya akiba. Mtambo mmoja pamoja na ufungaji, kwa bei ya mfano, ni Sh4.2 milioni.

Kasoro nayo iandikwe. Moshi huwa na baridi na mawingu mengi Juni na Julai, miezi ile ile ya wageni wengi. Siku ya mawingu mazito sola peke yake haitafikisha maji kwenye joto la kuogea. Kila tangi lazima liwe na hita ya umeme ya akiba, na siku hizo umeme utatumika. Tofauti ni kwamba hita hizo zinaweza kuwashwa mchana kwa zamu, badala ya hita zote za mabafuni kuwaka saa 11 jioni.

Muuzaji mwoga huificha sentensi hii. Lakini mmiliki wa loji ya Moshi anayajua mawingu ya Julai kuliko ofisa. Asipoyaona kwenye barua, atajiuliza ni mangapi mengine yamefichwa.

Baada ya machaguo, muuzaji aseme angechagua lipi na kwa nini. Mteja amemwita kwa ajili ya hilo.

Hatua inayofuata: siku, saa, mtu

“Tuwasiliane wiki ijayo” si hatua. Haina siku, haina saa, haina mwenye kuifanya. Pande zote mbili zinaweza kuisahau bila aliyevunja ahadi.

Hatua yenye nguvu ni ndogo na inafanyika bila kusaini chochote. Kwa mtambo wa maji hatua hiyo ipo yenyewe: kukagua paa. Tangi la lita 300 likijaa, maji peke yake yana kilo 300, kabla ya uzito wa tangi na fremu. Hakuna fundi makini atakayetoa bei ya mwisho bila kupanda darini na kuona mbao zilivyo. Mteja anakubali ukaguzi kwa urahisi kwa sababu unamlinda yeye.

Tarehe nayo isitolewe hewani. Inapatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Meneja anataka maji yawe tayari Juni 15. Kufunga na kujaribu ni wiki moja, kuagiza na kusafirisha ni wiki tatu, na wiki moja iachwe kwa ajili ya yasiyotarajiwa. Uamuzi basi unatakiwa ufanyike kufikia Ijumaa, Mei 8. Ili mmiliki aamue siku hiyo, anahitaji bei kamili wiki moja kabla, na bei kamili inategemea ukaguzi. Ukaguzi unaangukia Alhamisi, Aprili 23.

Hesabu hiyo ikionekana kwenye barua, tarehe haisomeki kama presha ya muuzaji. Inasomeka kama kalenda ya mteja mwenyewe.

Kabla ya kuandika siku, kalenda ya sikukuu itazamwe. Aprili 26 ni Muungano na Mei 1 ni Sikukuu ya Wafanyakazi, na wiki hizo ofisi nyingi hulegea. Saa nayo ina mtego wake. “Saa 4” kwa Mswahili ni asubuhi kazini. Kwa mtu anayesoma saa za Kizungu, au simu inayoweka kikumbusho yenyewe, inaweza kuwa saa 10 jioni. Dawa ni kuandika zote mbili: saa 4 asubuhi (10:00).

Barua yenyewe

Hii hapa, ilivyotakiwa kutumwa Jumatano asubuhi, siku moja baada ya kikao:

> Mada: Maji ya moto vyumba 20: machaguo mawili na ukaguzi wa paa Alhamisi 23 Aprili
>
> Ndugu Meneja,
>
> Habari za kazi? Asante kwa muda wako jana na kwa kunitembeza vyumbani. Nimeandika kwa ufupi ili uweze kumtumia mmiliki moja kwa moja.
>
> Nilichosikia
>
> 1. Wageni wanaoshuka mlimani huoga kwa pamoja kati ya saa 10 na saa 12 jioni, na swichi kuu hukata. Nimeona hita za mabafuni ni kilowati 4.5 kila moja, nane zikiwaka pamoja ni kilowati 36.
> 2. Mngependa maji yawe tayari kufikia Jumatatu, 15 Juni, kabla wageni hawajawa wengi.
> 3. Matangi yasikae upande wa mbele wa paa.
>
> Nimekadiria wageni wawili kwa chumba na lita 40 za maji ya moto kwa kila mgeni. Je, kuna matumizi mengine ya maji ya moto ambayo sikuyaona? Kama nimekosea popote, naomba unisahihishe.
>
> Machaguo
>
> A. Vyumba 10 vya jengo la nyuma kwanza: matangi 3 ya lita 300. Makadirio Sh12.6 milioni. Mzigo wa umeme wa jioni unapungua karibu nusu, vyumba 10 vya mbele vinabaki kama vilivyo kwa sasa.
>
> B. Vyumba vyote 20: matangi 6 ya lita 300. Makadirio Sh25.2 milioni. Vyumba vyote vinaacha kutegemea hita za mabafuni, ila kazi ni kubwa zaidi na ni lazima tuhakikishe paa la nyuma linabeba matangi yote sita.
>
> Kwa yote mawili: siku za mawingu mazito za Juni na Julai sola peke yake haitatosha. Kila tangi lina hita ya akiba, tutaziwasha mchana kwa zamu.
>
> Ushauri wangu ni A kwa sasa, B ikamilishwe baada ya msimu, kwa sababu A inaweza kuisha kabla ya Juni bila kufunga vyumba vingi.
>
> Bei hizi ni makadirio. Bei kamili, pamoja na kodi, itakuwa kwenye profoma baada ya ukaguzi.
>
> Hatua inayofuata
>
> Alhamisi, 23 Aprili, saa 4 asubuhi (10:00): mimi na fundi tutakuja kukagua paa na mabomba, saa moja na nusu hivi. Hakuna malipo.
>
> Kwa upande wenu: ufunguo wa darini, na fundi bomba wenu awepo.
>
> Kwa upande wangu: profoma itakufikia Jumanne, 28 Aprili. Ili tuwahi 15 Juni, uamuzi utahitajika kufikia Ijumaa, 8 Mei.
>
> Je, Alhamisi hiyo inafaa? Kama haifai, Ijumaa 24 saa hiyo hiyo nipo.
>
> Wako,
> Ofisa Mauzo, namba ya simu

Haina kiambatanisho. Katalogi itakuja na profoma, ikiwa na kurasa mbili tu zinazohusu tangi la lita 300.

Sentensi inayofanya kazi kuliko zote

Mtu anaweza kudhani sentensi muhimu zaidi ni ya bei au ya tarehe. Lakini inayoleta majibu ni ile ya “kama nimekosea popote, naomba unisahihishe,” pamoja na swali lililotangulia.

Kumjibu muuzaji “ndiyo, tunanunua” ni uamuzi mzito. Kumwambia “hapo umekosea kidogo” ni jambo jepesi, na watu hulifanya hata wakiwa kwenye foleni. Ili msomaji apate cha kusahihisha, barua lazima iwe na vitu mahususi: vyumba 20, lita 40, saa 10 hadi 12. Barua inayosema “mnahitaji suluhisho bora la maji ya moto” haina cha kusahihishwa, ndiyo maana haijibiwi.

Mada ya barua nayo ina kazi yake. Mmiliki akiitafuta wiki mbili baadaye ataandika “maji ya moto” kwenye simu. Barua yenye mada “Asante” itakuwa imezama chini ya nyingine nyingi.

Yanayoharibu

La kwanza ni neno “tumekubaliana” pale ambapo hakuna aliyekubali. Meneja alisema, “Hiyo A naona inafaa.” Ofisa akiandika “kama tulivyokubaliana, tutafunga matangi matatu,” mmiliki atasoma kwamba meneja wake ameingia ahadi bila ruhusa. Meneja atalazimika kujitetea kwa bosi, na njia rahisi ya kujitetea ni kumkana muuzaji.

Kuna upande wa sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua makubaliano yanayofanyika kwa njia za kielektroniki. Barua pepe yenye bei na idadi, ikijibiwa kwa kukubali, inaweza kuja kuhesabiwa kuwa makubaliano. Ndiyo sababu ya kuandika “makadirio” waziwazi na kusema bei kamili itakuja kwenye profoma. Neno hilo humlinda muuzaji paa likionekana bovu, na humlinda mteja asijione amefungwa.

La pili ni kuandika siri za kikaoni. Meneja, katika mazungumzo ya chai, alisema mmiliki ni mgumu kutoa hela. Alisema kwa mdomo, na kwa mdomo pabaki. Barua itafika kwa mmiliki, kwa mhasibu, pengine hata kwa mshindani wa muuzaji. Kipimo ni hiki: kila sentensi isomeke mbele ya wote hao bila mtu kuinamisha kichwa.

La tatu ni kumruka meneja. Ofisa aliwahi kupata anwani ya mmiliki na anashawishika kumweka kwenye nakala. Asipoombwa, asifanye. Meneja ndiye aliyefungua mlango, akirukwa ataufunga. Akitaka kumfikia mmiliki, aombe: “Je, ungependa nimweke mmiliki kwenye nakala, au utamtumia mwenyewe?”

WhatsApp nayo vipi?

Meneja wengi wa loji hushinda WhatsApp kuliko kwenye barua pepe. Hilo halifuti barua, linaisindikiza. Ujumbe mfupi unatosha: “Habari Meneja, nimekutumia barua pepe ya jana, ina machaguo mawili na ukaguzi wa Alhamisi 23. Naomba uitazame kwenye makadirio ya maji, kama nimekosea uniambie.”

Kutuma maelezo yote kwa WhatsApp kuna hasara. Yanavunjika vipande, yanachanganyika na picha na sauti, na mwezi mmoja baadaye hakuna anayeweza kuonesha ni bei ipi ilisemwa kwa tangi lipi.

Kukiwa kimya

Barua ikitumwa Jumatano na hadi Jumatatu hakuna jibu, kuandika barua nyingine ndefu hakusaidii. Kinachofaa ni simu moja, kuhusu tarehe tu: “Alhamisi tuje au tusogeze Ijumaa?” Swali hilo hujibika kwa sekunde tano. “Umeonaje ile barua?” humlazimisha mtu kukiri kwamba hajaisoma.

Alhamisi ikipita bila jibu, ofisa asipande gari kwenda kukagua paa ambalo hajaruhusiwa. Anajibu ndani ya barua ile ile, ili historia ibaki pamoja, kwa mistari mitatu: ukaguzi haukufanyika, tarehe mpya ni Jumatano 29, na kwamba uamuzi ukipita Mei 8 kazi itakuwa vigumu kuisha kabla ya Juni 15. Asitishe kwa bei kupanda kama haipandi. Hiyo nayo ikikosa jibu, aandike moja ya mwisho: analiweka faili kando mpaka msimu uishe, na atapiga simu Novemba. Kisha apige kweli.

Kilichorudi

Kwa barua kama ile iliyoandikwa hapo juu, jibu linalotarajiwa si “asante, tumeipokea.” Ni kama hili, kutoka kwa meneja, siku mbili baadaye:

“Bosi ameona. Anasema umesahau chumba cha kufulia, mashine za mashuka zinatumia maji ya moto, kama lita 200 kwa siku. Alhamisi njooni.”

Meneja hakuitaja sehemu ya kufulia kwa sababu haikuwa tatizo lake la jioni. Ofisa hakuiona kwa sababu haikuwa njiani kuelekea vyumbani. Mtu pekee aliyeikumbuka ni yule ambaye hakuwepo, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa bili.

Hesabu inabadilika papo hapo. Chaguo A lilikuwa lita 900 kwa mahitaji ya lita 800. Sasa mahitaji ni lita 1,000, matangi matatu hayatoshi. Yanahitajika manne, yaani Sh16.8 milioni, na fundi atakagua kama paa la nyuma linabeba la nne.

Bei imepanda Sh4.2 milioni na hakuna aliyegombana, kwa sababu aliyeuliza ni mteja mwenyewe, na bado ni Aprili. Kosa hilo lingejitokeza Julai, mgeni wa chumba cha mwisho angeoga maji ya baridi saa 12 jioni, na ofisa angepigiwa simu akiulizwa sola gani hii aliyowauzia.